Minori au thamani za aigeni? Itazame matriksi kabla hujashika kalamu

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Kwenye mtihani alipewa matriksi ya 3 kwa 3 na kuulizwa kitu kimoja tu: je, ni chanya kamili, yaani ukiiita A, xᵀAx ni kubwa kuliko sifuri kwa kila vekta x isiyo sifuri? Akaanza kutafuta thamani za aigeni, akakwama kwenye mlinganyo wa kipeo cha tatu, muda ukaisha. Ananiuliza kama ile njia ya minori ni halali au ni ujanja wa wavivu.

Swali hilo limenigusa pabaya. Nilipokuwa chuoni nililijibu swali la namna hiyo kwa mistari minne, nikarudishiwa karatasi ikiwa na nusu ya alama na maandishi mekundu: "Thamani za aigeni ziko wapi?" Swali halikuzitaja popote. Nilikwenda kudai alama zangu, nikaambiwa njia ile "haioneshi uelewa". Miaka imepita, na bado namwona yule msahihishaji kuwa alikosea. Basi majibu ambayo sikupewa nafasi ya kuyatoa siku ile nayatoa leo.

Njia ni halali kabisa. Inaitwa kigezo cha Sylvester: matriksi linganifu ya namba halisi ni chanya kamili ikiwa, na ikiwa tu, minori zake tangulizi zote ni kubwa kuliko sifuri. Minori tangulizi ni determinanti ya kile kipande cha kona ya juu kushoto: kwanza 1 kwa 1, kisha 2 kwa 2, hivyo hivyo mpaka matriksi nzima. Tuziite D1, D2, D3. Hii hapa matriksi ya kujaribia:

```
4  2  1
2  3  1
1  1  2
```

D1 ni 4. D2 ni 12 kutoa 4, yaani 8. D3 ni 4(6−1) − 2(4−1) + 1(2−3), yaani 20 − 6 − 1 = 13. Zote chanya, basi matriksi ni chanya kamili. Weka kalamu chini.

Sasa mfuate yule wa thamani za aigeni. Anapata polinomia λ³ − 9λ² + 20λ − 13. Anajaribu 1, anapata −1. Anajaribu 13, anapata 923. Namba hasi hazisaidii, kwa hiyo hakuna mzizi ulio namba nzima wala sehemu, na hapo ndipo wengi hutoka jasho. Ajabu ni kwamba hakuhitaji kuutatua mlinganyo huo. Matriksi linganifu ina thamani za aigeni halisi tupu, na ukiweka λ hasi au sifuri kwenye polinomia hii, jumla inakuwa hasi daima. Kwa hiyo mizizi yote mitatu ni chanya. Ila tazama ile 20 imetoka wapi: ni jumla ya minori kuu zote tatu za 2 kwa 2, zile determinanti zinazobaki ukifuta safu moja pamoja na safu wima ya namba hiyohiyo, yaani 8 + 7 + 5. Mwenzake alihitaji moja tu kati ya hizo.

Mimi hata determinanti siku hizi sizipigi moja moja. Naondoa kwa njia ya Gauss, kwa sharti moja: safu ya chini ndiyo inayopunguzwa kwa kuzidisha safu ya juu yake, na safu hazibadilishani nafasi kamwe. Kwa matriksi yetu, toa nusu ya safu ya kwanza kwenye ya pili, na robo yake kwenye ya tatu. Kisha toa robo ya safu mpya ya pili kwenye ya tatu. Ulalo unabaki na 4, 2 na 13/8. Hizo ndizo pivoti, na ukizizidisha kwa mfuatano unapata 4, 8, 13, minori zilezile. Pivoti zote zikiwa chanya, umemaliza. Ikitokea moja ni hasi au sifuri njiani, jibu ni "hapana", huna haja ya kuendelea. Ukibadilisha safu nafasi, hata mara moja, vipande vya kona vimeharibika na hesabu haikwambii kitu tena.

Swali likiwa na herufi ndani yake, usibishane na mtu: nenda na minori. Badilisha ile 2 ya mwisho iwe c. D1 na D2 hazijaguswa, na D3 inakuwa 8c − 3. Jibu ni c > 3/8. Kwa thamani za aigeni ungekuwa na mlinganyo wa kipeo cha tatu wenye c ndani yake, na hapo sijui ungeanzia wapi.

Ila nisiwe kama yule msahihishaji wangu, wa kushika njia moja tu na kuitetea kama imani. Kuna matriksi ambazo mtu wa minori ndiye anayepoteza muda. Tazama hii ya 5 kwa 5: ulalo wote ni 3, kwingine kote ni −1. Mtu wa minori anaanza: D1 ni 3, D2 ni 8, D3 ni 16. Anaanza kutabasamu, mambo yanaenda vizuri. Kisha D4 inatoka 0, na akiendelea, D5 ni −256. Determinanti ya 5 kwa 5 kwa mkono si mchezo, na kama angechoka baada ya ile ya tatu, angeandika jibu la uongo kwa furaha kabisa.

Aliyeitazama kwanza anaona kwamba kila safu inajumlisha kitu kilekile, 3 − 4 = −1. Kwa hiyo vekta ya moja tupu ni vekta ya aigeni, na thamani yake ni −1. Imekwisha, si chanya kamili. Akitaka zilizobaki, matriksi hii ni 4I kutoa matriksi ya moja tupu, na vekta yoyote ambayo jumla ya viambajengo vyake ni sifuri inazidishwa kwa 4 tu. Thamani ni 4 mara nne na −1 mara moja. Ukibadilisha ulalo uwe 5, zinakuwa 6 mara nne na 1 mara moja, na hapo ni chanya kamili. Hakuna determinanti hata moja iliyopigwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kuandika chochote, jumlisha safu. Zikilingana, au ukiona ulalo mmoja na namba moja inayojirudia kwingine kote, chukua thamani za aigeni. Namba zikiwa zimetawanyika hovyo, chukua pivoti.

Sifuri nayo ina mambo yake. Kwa swali la "chanya kamili?" sifuri inatosha kusema hapana. Lakini ukiulizwa kama xᵀAx haiwi hasi kamwe, watu hulegeza kigezo wakasema "basi minori tangulizi zisiwe hasi". Si kweli. Chukua hii:

```
0  0
0 -1
```

D1 ni 0, D2 ni 0, hakuna iliyo hasi, na bado x = (0, 1) inatoa −1. Kwa swali hilo lazima ukague minori kuu zote, hata zile zisizoanzia kona, na kwa matriksi ya 5 kwa 5 hizo ni 31. Thamani za aigeni bado ni tano tu.