Njia ya ndege kupinda kwenye ramani

"Kwenye ramani ya ukutani ndege za mbali zinazunguka kaskazini. Kwa nini zisinyooshe tu?"

Mkuu, kilichovurugwa ni ramani. Inazivuta latitudo zote zilingane na ikweta, wakati duara la nyuzi 60 ni nusu yake tu. Chukua sehemu mbili kwenye nyuzi 60 kaskazini, zinazotazamana pande mbili za dunia. Ukifuata latitudo, ni karibu kilomita 10,000. Ukipitia ncha ya kaskazini, unakata nyuzi 30 kufika nchani na 30 kushuka upande wa pili, yaani 60 tu, kila moja kilomita 111: jumla 6,660. Kaza uzi kwenye tufe, utaona wenyewe unasogea nchani. Mbeya hadi Dar hutaona mpindo, maana ni karibu na ikweta na safari ni fupi. Johannesburg hadi Sydney mpindo unaelekea kusini.