Usitafsiri "All" kabla ya kujua ni nini zote

Ninyi mnaoanza kutafsiri programu za simu, nianze na kosa langu la mwanzo. Nilipewa orodha ya maneno, na mstari mmoja ulikuwa na neno moja tu: All. Mistari ya juu yake ilihusu picha, basi nikaandika "Zote". Programu ilipotoka, neno lile lile likatokea juu ya orodha ya majina ya watu. Watu wakawa "zote".

Kiingereza kinatosheka na neno hilo moja popote. Sisi tunasema picha zote, watu wote, vifaa vyote, mafaili yote. Kwa hiyo omba kuona skrini yenyewe, na kama neno linatumika sehemu mbili, mwombe mwandaaji programu atenganishe mistari.

Sentensi zenye pengo zina taabu zaidi:

```
"%s was deleted"
```

Pengo la %s hujazwa na nomino yoyote. Ukiandika "%s imefutwa", picha itakaa vizuri, lakini ujumbe umefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Dawa yake hasa ni mstari mmoja kwa kila nomino. Isipowezekana, tanguliza nomino itakayobeba upatanisho: "Kipengee %s kimefutwa". Sentensi inarefuka, ila kitenzi sasa kinafuata kipengee, liingie jina lolote.

Mnapojaribu, msidanganywe na "mpya". Picha mpya, ujumbe mpya, mtumiaji mpya: ngeli tatu, umbo moja, na utadhani mstari wa "%s mpya" hauna tatizo. Jaribuni kwa kitabu na kwa faili, ndipo mtaona kwamba ilipaswa kuwa kipya na jipya.

Na hilo neno faili lenyewe lina mambo. Wapo wanaosema faili hii, faili hizi. Wapo wanaosema faili hili, mafaili haya. Mimi nachagua LI-YA, kwa sababu wingi unaonekana kwenye nomino. Kichwa cha skrini kikisema "Mafaili" peke yake, msomaji anajua ni mengi. Kikisema "Faili" atabaki kukisia. Lolote mtakalochagua, liandikeni kwenye faharasa ya mradi pamoja na ngeli yake, maana uamuzi huo unagusa sentensi nzima: "Faili yako mpya imehifadhiwa" inageuka kuwa "Faili lako jipya limehifadhiwa". Maneno matatu yamebadilika, na faili lenyewe halijaguswa.

Kuna mradi tuliobadilisha ngeli ya faili katikati ya kazi. Tulitafuta neno "faili" kwenye mistari yote, tukarekebisha kila sentensi iliyokuwa nalo, tukaamini tumemaliza. Zilibaki zile ambazo nomino haikutajwa, kitenzi tu: "Imehifadhiwa", "Haikupatikana", "Ifungue tena". Hizo utafutaji hauzioni. Ilibidi tuzipitie skrini moja moja kwa macho.