Treila ya chaneli: sekunde 45 zinazomwambia mgeni anapata nini

Swali: Wakuu, nina chaneli ya YouTube ya kushona na kurekebisha cherehani za nyumbani, video 34 mpaka sasa. Nimeweka treila ya dakika mbili na nusu: najitambulisha, naeleza nilivyoanza, halafu naomba watu wasabskraibu. Watu wanafika kwenye ukurasa lakini hawajiungi. Nirekebishe wapi?

Jibu:

Mkuu, ukiihariri hiyo treila utapoteza muda. Irekodi upya, na anzia kwenye maneno kabla ya kugusa kamera. Mgeni anayefungua ukurasa wako hajui jina lako wala safari yako, na hajafika kwa ajili hiyo. Pengine ameona video yako moja, akabonyeza jina la chaneli aone kama kuna nyingine za namna ile. Treila inamjibu swali hilo: humu kuna nini kinachonihusu? Dakika mbili na nusu za kujitambulisha zinamfanya asubiri jibu ambalo hana uhakika kama litakuja.

Lenga sekunde 45. Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea Kiswahili, hizo zinabeba kama maneno 80 hadi 90. Andika, soma kwa sauti huku saa inahesabu, kisha kata. Usisome kimoyomoyo, maana kimoyomoyo kila mtu ana mbio. Ukifika maneno 130 usijaribu kuyabana kwa kuongea haraka. Kuna ahadi mbili ndani ya treila moja, na mojawapo lazima itoke.

Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Wengi huanza na "Habari, karibu kwenye chaneli yangu, mimi ni fulani", na hapo sekunde 5 zimekwenda bila mgeni kupata chochote. Wewe una bahati kwamba mada yako ina matatizo yanayoonekana kwa macho. Chukua moja ambalo kila mwenye cherehani amekutana nalo, lionyeshe karibu kabisa, kisha litatue hapohapo. Nimechagua uzi kujikusanya chini ya kitambaa, kwa sababu jibu lake linashangaza: watu hukimbilia bobini, wakati kosa mara nyingi liko kwenye uzi wa juu. Uzi ukipitishwa huku mguu unaoshika kitambaa umeshushwa, visahani vya kukaza uzi vinakuwa vimebana, uzi haukai katikati yake, na matokeo yake unalegea na kurundikana chini.

Kwa chaneli yako ningeandika hivi:

Sekunde 0–6. Picha: kitambaa kinageuzwa, rundo la uzi linaonekana. Sauti: "Uzi ukijikusanya hivi chini ya kitambaa, usiguse bobini kwanza. Kosa mara nyingi liko juu."

Sekunde 6–16. Picha: mkono unainua mguu, unapitisha uzi, unashona, unageuza kitambaa. Sauti: "Inua mguu, toa uzi wa juu, upitishe upya tangu mwanzo. Angalia sasa: mshono umetulia."

Sekunde 16–30. Picha: vipande vitatu kutoka kwenye video ulizonazo, kila kimoja sekunde 4 hivi. Sauti: "Chaneli hii ni ya cherehani inayogoma na nguo isiyokaa vizuri mwilini: zipu iliyopinda, kola iliyolegea, suruali iliyopwaya kiunoni. Kila video inachukua tatizo moja, kuanzia linavyoonekana hadi linapoisha."

Sekunde 30–37. Picha: cherehani yako yote, mezani. Sauti: "Natumia cherehani ya kawaida ya nyumbani, kama yako. Video mpya hutoka kila Jumamosi."

Sekunde 37–45. Picha: wewe, ukiangalia kamera. Sauti: "Kama unashona mwenyewe na mashine inakusumbua, sabskraibu, ili tatizo lijalo likukute ukiwa na jibu."

Angalia uso wako umeingia mwishoni tu. Mgeni ameshaona unachoweza kufanya, ndipo anamwona anayefanya. Jina lako halimo kabisa, na halihitajiki. Limeandikwa juu ya ukurasa.

Ile sehemu ya sekunde 16 ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Mtu anasema "utapata maarifa, ubunifu na burudani", maneno ambayo chaneli ya mapishi, ya magari au ya dini ingeweza kuyatumia. Jaribio ni hili: funika picha, mpe mtu asikilize sauti peke yake, kisha mwulize video ijayo ya chaneli hii inaweza kuhusu nini. Akitaja tatizo la kushona ambalo hukulitaja, umefaulu. Akisema "mambo ya ushonaji" basi, rudi ukaandike upya.

Vipande vitatu vitoke kwenye video zilizopo kweli, na ziwe rahisi kupatikana chini ya treila. Mgeni akivutiwa na zipu, hatua yake inayofuata ni kushuka chini kuitafuta. Kwa hiyo safu ya kwanza chini ya treila iwe orodha yenye video hizohizo, isiwe "video za karibuni" ambamo ya zipu imezama ya ishirini. Treila nzuri juu ya safu iliyovurugika inapoteza watu wale wale iliyowashawishi.

Kuhusu ratiba, itaje tu kama umeishika kwa miezi mitatu bila kukosa. Mgeni anaona tarehe za video zako palepale. Ukisema kila Jumamosi na ya mwisho ina wiki tano, umejikanusha mwenyewe. Na usitaje idadi ya sabskraiba, wala "mwezi huu", wala mfululizo unaokuja. YouTube hairuhusu kubadilisha faili ya video iliyokwisha kupandishwa, hivyo kila kinachochakaa ndani ya treila kitakulazimisha upandishe nyingine.

Kwenye kurekodi sitakaa sana. Laza simu. Video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 sasa inahesabiwa kuwa `Shorts`, na treila ya sekunde 45 iliyorekodiwa simu ikiwa imesimama itaangukia huko. Muziki uwe chini sana ya sauti, kiasi kwamba ukiuzima hakuna anayeona tofauti kubwa, na uuchukue kwenye `Audio Library` ya YouTube Studio. Hilo lina sababu ya pili zaidi ya hakimiliki: kwa kawaida treila haiwekewi matangazo inapochezwa kwenye ukurasa wa chaneli, lakini ikiwa na kitu kinachodaiwa na mwenye haki mwingine, tangazo linaweza kutokea. Mgeni wa kwanza akutane na tangazo la mtu mwingine mlangoni kwako? Hapana.

Andika pia maneno machache juu ya picha, kwa sababu wapo wanaotazama sauti ikiwa imezimwa: "Kosa liko juu", "Tatizo moja, video moja", "Kila Jumamosi". Yawe makubwa, kwani kwenye ukurasa wa chaneli kioo cha treila ni kidogo kuliko cha video ya kawaida, na yakae mbali na ukingo wa chini ambako vitufe vya kichezeshi huyafunika.

Kosa moja dogo linalogharimu liko kwenye muziki wa mwisho. Ukianza kuushusha kabla hujafika kwenye ombi la kujiunga, mtazamaji anasikia "imekwisha" na mkono wake unaondoka kabla hujasema neno. Muziki uende sawasawa hadi neno la mwisho, kisha ukate.

Ukishapandisha, ingia YouTube Studio kwenye kompyuta, fungua `Customization`, kisha `Home tab`. Utakuta nafasi mbili: moja ni ya treila kwa wasiosabskraibu, nyingine ni ya video kwa wale waliokwisha jiunga. Weka treila kwenye ya kwanza tu. Kwenye ya pili weka video yako bora ya karibuni, maana anayekufuata hana haja ya kuambiwa tena chaneli ni ya nini. Bonyeza `Publish`, halafu fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha bila kuingia akaunti yoyote, uone anachokiona mgeni. Watu wengi hulalamika kwamba treila haionekani, kumbe wanaangalia wakiwa ndani ya akaunti zao.

Hapo kwenye dirisha la faragha utagundua jambo jingine: kwenye kompyuta, kichwa cha treila na mistari ya mwanzo ya maelezo yake vinaonekana kando ya video. Kama umeandika "Treila ya chaneli yangu", umeacha nafasi tupu mahali pazuri kuliko pote. Andika "Cherehani inagoma? Anzia hapa", na mstari wa kwanza wa maelezo utaje matatizo matatu yaleyale ya kwenye video. Viungo vya mitandao yako mingine vishuke chini kabisa.

Ipe siku 28 kabla ya kuihukumu. Fungua takwimu za hiyo video, na kwenye vyanzo vya watazamaji tenga waliotoka `Channel pages`. Bila kuwatenga utachanganya wageni wa ukurasa na waliokutana na treila kwenye utafutaji, ambao wana sababu tofauti kabisa ya kuitazama. Kisha linganisha sabskraiba waliotokana nayo na wale waliotokana na treila ya zamani kwa siku 28 kama hizo. Ikiwa wageni walioitazama treila mpya ni 40 au 50 tu, usihitimishe chochote. Watu wawili wakijiunga kwa bahati watakugeuzia picha nzima. Subiri wafike mamia kadhaa.

Mchoro wa utazamaji ndio utakaokuonyesha pa kukata. Mstari ukianguka ghafla ndani ya sekunde 5 za kwanza, picha ya mwanzo haieleweki: huenda rundo la uzi halionekani vizuri, au sauti imechelewa kuanza. Ukiporomoka kwenye sekunde ya 16, onyesho limewapendeza lakini orodha ya ahadi haijawagusa, basi badilisha mifano mitatu. Ukibaki umetulia hadi mwisho na bado hawajiungi, tazama ombi lenyewe, na tazama ile safu iliyo chini ya treila. Mara nyingi mgeni amekubali ulichosema, ameshuka chini kuthibitisha, na hakukikuta.