"Hii Ni Rangi Gani?" Si Kipimo cha Macho

Nilikuwa na miaka 26 nilipokaa kwenye chumba chenye giza na kuchungulia ndani ya chombo kinachoitwa anomaloskopu. Ukiangalia ndani unaona duara dogo la mwanga lililogawanywa katikati. Nusu moja ni mwanga wa manjano mtupu. Nusu ya pili ni mchanganyiko wa mwanga mwekundu na wa kijani, na kuna kitufe cha kuzungusha kinachobadilisha mchanganyiko huo kuanzia 0, ambapo ni kijani peke yake, hadi 73, ambapo ni nyekundu peke yake. Kitufe kingine huongeza au kupunguza ukali wa ile manjano. Anayepimwa haulizwi jina la rangi yoyote. Anatakiwa kusema tu kama nusu hizo mbili zinafanana.

Mtaalamu aliyenipima aliweka mchanganyiko karibu na 40. Nikasema zinafanana. Akazungusha hadi 73, nikarekebisha ukali kidogo, nikasema zinafanana. Akarudi mpaka 0. Zinafanana. Mtu mwenye macho ya kawaida hukubali sehemu nyembamba tu ya kipimo kile, pale katikati, na kote kwingine huona nusu moja ni nyekundu au kijani waziwazi. Mimi nilikubali kipimo kizima, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tangu utotoni watu walikuwa wakiniuliza "hii ni rangi gani?" na mara nyingi nilijibu sawasawa. Nilijua majani ni ya kijani na damu ni nyekundu kwa sababu nimeambiwa hivyo tangu nianze kuongea. Nilijua kwamba nyekundu ya kalamu zangu huwa nzito kuliko kijani. Nilikuwa nasoma mwangaza, umbo na mazoea, kisha natamka jina. Ndiyo maana nawaambia wazazi waache kumpima mtoto kwa swali hilo. Mtoto mwerevu hulishinda, na mtoto mwenye macho mazima ambaye bado hajashika majina ya rangi hulikosa.

Kilichotokea kwenye chombo kile kinaeleza upofu wa rangi kuliko picha zozote za "hivi ndivyo wanavyoona," kwa hiyo niende nacho polepole.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina. Juu yake zimepangwa seli za aina mbili kubwa: fimbo, zinazotusaidia kwenye mwanga hafifu na hazina habari na rangi, na koni, zinazofanya kazi kukiwa na mwanga wa kutosha. Koni ziko milioni 6 hivi, na ziko za namna tatu. Moja hunasa zaidi mawimbi mafupi ya mwanga, karibu na nanomita 420. Nyingine hunasa zaidi ya kati, karibu na 530. Ya tatu hunasa zaidi marefu, karibu na 560. Watu huziita koni ya buluu, ya kijani na ya nyekundu, nami nitafuata mazoea hayo, ingawa ile ya "nyekundu" kwa kweli hunasa vizuri zaidi mwanga wa kijani unaoelekea manjano. Angalia pia jinsi 530 na 560 zilivyo jirani. Ujirani huo ndio chanzo cha mambo mengi.

Koni moja peke yake haijui rangi. Ikinasa mwanga hupeleka taarifa ya kiasi ilichonasa, basi. Haiwezi kusema mwanga huo ulikuwa wa wimbi gani. Mwanga mwekundu mkali na mwanga wa kijani hafifu vinaweza kuipa koni moja kiasi kilekile, na ikishanasa, tofauti imepotea. Rangi huzaliwa pale taarifa za koni mbalimbali zinapolinganishwa.

Tuchukue namba za mfano, nilizozisawazisha ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme mwanga wa manjano wa chombo kile unaipa koni nyekundu 100 na koni ya kijani 50. Mwanga mwekundu unaipa koni nyekundu 100 na ya kijani 10 tu. Mwanga wa kijani unazipa zote mbili 100. Sasa changanya sehemu 5 za nyekundu na sehemu 4 za kijani. Koni nyekundu itabaki na 100. Koni ya kijani itapata 5 mara 10, jumlisha 4 mara 100, gawanya kwa 9, yaani 50. Mia kwa hamsini, sawasawa na manjano. Jicho la kawaida halina njia ya kutofautisha mchanganyiko huo na manjano halisi. (Kioo cha simu yako kinatumia mwanya huohuo: hakina taa ya manjano, kinawasha nyekundu na kijani pamoja.) Lakini ukizidisha nyekundu, ile 50 inashuka, na mwenye macho ya kawaida anaona mara moja.

Mimi sina koni ya kijani. Ondoa safu yake kwenye hesabu uone kinachobaki: manjano 100, nyekundu 100, kijani 100, mchanganyiko wowote 100. Ndiyo maana nilikubali kila kitu. Sikuwa nakisia, na wala sikuwa naona giza au kijivu mahali pa rangi hizo. Zilikuwa kweli zinafanana.

Koni ya buluu ninayo, na ulinganisho wake na ile nyekundu unafanya kazi, kwa hiyo buluu na manjano nazitofautisha bila taabu. Kilichokosekana ni ulinganisho mmoja, na makosa yangu yote yanatoka hapo. Kijani iliyokolea naichanganya na kahawia. Zambarau naiona buluu, maana kinachoitenga na buluu ni ule wekundu ndani yake. Waridi iliyopauka na kijani inayoelekea buluu zote zinanielekea kijivu. Mtu aliyekosa koni nyekundu badala ya kijani ana orodha inayokaribiana na yangu, ila kuna dalili moja inayomtenga: nyekundu kwake ni nyeusi-nyeusi. Kwenye anomaloskopu, upande wa nyekundu anailazimisha manjano ishuke sana ukali ndipo zifanane. Wapo pia ambao hawajakosa koni yoyote, ila koni zao mbili zimekaribiana kuliko kawaida, na hao ndio wengi zaidi. Wao husumbuka zaidi rangi zikiwa zimepauka, au kitu kikiwa kidogo, au mwanga ukiwa haba.

Nikianza ushauri, wa kwanza ni kujua uko kundi gani. Vipimo vya vidoti vya Ishihara, ambavyo huficha tarakimu kati ya vidoti vya rangi na vilitolewa mwaka 1917, vinatosha kugundua tatizo la nyekundu na kijani, lakini vifanyike kwenye mwanga wa mchana au taa inayofanana nao. Chini ya balbu ya manjano baadhi ya watu hufaulu isivyostahili. Picha za vidoti kwenye simu zinaweza kukutia shaka tu, kwa sababu kila kioo kina rangi zake. Na kama unataka kusomea urubani, udereva wa treni au umeme, pima kabla ya kuanza masomo. Nimewaona watu wawili wakigundua baada ya mwaka mzima, na inaumiza.

Ushauri wa pili: mahali ambapo ulinganisho wako haupo, usijitahidi kukaza macho, tafuta njia nyingine. Nilipokuwa najifunza elektroniki nilichoma sakiti kwa sababu ya rezista, kijisehemu cha kuzuia umeme ambacho kipimo chake husomwa kwa mistari ya rangi. Mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia maana yake ni omu 100. Kahawia, nyeusi na nyekundu ni 1,000. Kahawia, nyeusi na kijani ni milioni moja. Kwangu mistari hiyo ya tatu ni jamaa wa karibu mno. Tangu siku hiyo kila rezista inapita kwenye mita kabla haijalehemiwa, na nyaya zangu zina vibandiko vyenye herufi. Vilevile, wewe unayetengeneza chati au vitaa vya kuonyesha kifaa kimejaa chaji, usitegemee nyekundu na kijani zenye ukali sawa. Weka maneno, umbo, au kitaa kinachomemeta na kingine kilichotulia. Ukigeuza chati yako iwe nyeusi na nyeupe na bado inasomeka, nami nitaisoma.

Kuhusu miwani ya rangi inayouzwa kwa ahadi kubwa: miwani huchuja mwanga, haiongezi koni. Inaweza kuzitenganisha rangi mbili zilizokuwa zinafanana, na hapohapo ikazifananisha nyingine mbili. Kuna watakaofurahia kuitumia, hasa wale ambao koni zao zimekaribiana. Lakini kufaulu vidoti ukiwa umeivaa hakumaanishi macho yako yamebadilika.

Jambo moja ni la kuharakishwa. Haya yote ni ya kuzaliwa nayo, yako kwenye macho yote mawili na hayabadiliki. Mtu mzima akianza kuona nyekundu imefifia, hasa jicho moja kuliko jingine, huo ni ugonjwa, mara nyingi wa mshipa wa neva ya jicho au wa retina. Ziba jicho moja, tazama kitu chekundu, kisha badilisha. Ukiona tofauti nenda kwa daktari. Wanaotumia ethambutoli kwa kifua kikuu wawe waangalifu zaidi, kwani dawa hiyo huweza kudhuru neva hiyo, na kupungua kwa rangi huweza kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo.

Mkemia John Dalton, aliyeeleza hali yake mwaka 1794, aliamini majimaji ya ndani ya jicho lake yalikuwa ya buluu na yalimeza nyekundu. Aliagiza akifa macho yake yapasuliwe. Mwaka 1844 yakapasuliwa, na majimaji yakakutwa angavu. Mwaka 1995 mabaki ya macho hayo yalipimwa vinasaba, ikaonekana alikosa jeni ya koni ya kijani, kama mimi.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ubavuni mwa jeni ya koni nyekundu, na zinafanana kiasi kwamba wakati wa kurithishana moja inaweza kupotea. Mwanamume ana X moja, iliyotoka kwa mama, kwa hiyo hana akiba. Wanangu wa kiume hawawezi kuirithi hali hii kutoka kwangu. Binti zangu wote wataibeba. Dada yangu alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba kutoka kwa mama yetu, naye anaona rangi zote.

Mwanawe alipofikisha miaka mitano nilikaa naye dirishani na kitabu cha vidoti. Kwenye kurasa chache za kitabu kile, tarakimu imefichwa kwa namna ambayo tofauti za nyekundu na kijani huifunika, na asiyeziona tofauti hizo ndiye huisoma. Alifika kwenye ukurasa mmoja kati ya hizo akaweka kidole.

"Mjomba, hii ni nne na tano."

Mama yake akainama, akageuza kitabu kuelekea mwanga, akakitazama kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anaona vidoti tu.