Dawa ya presha ya mama: bei ilishuka, ila herufi moja kwenye boksi ilituponza kwanza

Mama yangu anakaa Pasua, Moshi, mimi niko Arusha, na dawa yake ya presha nainunua mimi kila mwezi. Cheti cha daktari kiliandikwa Micardis 40 mg, kidonge kimoja asubuhi. Basi mi nikawa naingia famasi naonyesha cheti napewa boksi nalipa naondoka, hela inauma kweli ila nilijua hiyo ndo dawa yake na hakuna nyingine. Mpaka mwezi mmoja nikachelewa kutuma, naenda nyumbani nakuta vidonge vimebaki vingi kuliko siku. Kumbe mama alikuwa anakunywa leo anaruka kesho ili viishe polepole asinisumbue. Presha yake siku hiyo ilikuwa 168 kwa 98. Nililia njia nzima kwenye Kosta narudi Arusha.

Nilivyofika nikakaa na lile boksi tupu nikalisoma kwa mara ya kwanza. Jina kubwa ni Micardis, alafu chini yake kwa herufi ndogo imeandikwa telmisartan. Hilo jina dogo ndo dawa yenyewe, ndo inayoshusha presha. Micardis ni jina la biashara ambalo kampuni iliyoigundua, Boehringer Ingelheim ya Ujerumani, imeipa bidhaa yake. Dawa hii ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, haki ya hiyo kampuni kuitengeneza peke yake ilishaisha, kwaiyo viwanda vingine navyo vinatengeneza telmisartan na kila kimoja kinaipa jina lake. Hivyo viwanda havikubeba gharama ya kuigundua dawa wala kuijaribu upya kwa maelfu ya watu, vinatakiwa kuthibitisha kwamba kidonge chao kinafikisha dawa ileile kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ya mwanzo. Ndo maana bei inashuka.

Sasa hapo nikafanya kosa ambalo sitaki wewe ulifanye. Nikaingia duka moja la dawa, nikasema nataka telmisartan 40 ya bei nafuu, nikapewa boksi lina jina la biashara nisilolijua na mwishoni lina herufi H. Nikaona 40 ipo, telmisartan ipo, bei nzuri, nikalipa nikatuma Moshi jioni ileile. Sikuuliza hiyo H ni ya nini.

Baada ya kama siku kumi mama akanipigia, "Mwanangu, hii dawa yako mpya inanikojoza, usiku silali, na asubuhi nikiinuka kitandani naona giza." Jumamosi nikapanda gari mapema, nikachukua maboksi yote mawili, la zamani na jipya, na kile cheti, tukaenda na mama famasi kubwa mjini nikaomba kuongea na mfamasia mwenyewe, siyo tu anayepokea hela. Akatoka dada mmoja, akamwamkia mama vizuri, akampima presha kwanza. 102 kwa 60. Alafu akageuza lile boksi upande wa nyuma akanionyesha kwa kidole: Telmisartan 40 mg, mstari wa chini Hydrochlorothiazide 12.5 mg.

Akatuelezea taratibu. Hiyo ya pili ni dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, nayo inashusha presha, na kuna wagonjwa wanaihitaji kabisa na daktari wao huwaandikia hivyohivyo zikiwa pamoja. Ila mama hakuandikiwa. Inaweza kushusha chumvi za mwili kama sodiamu na potasiamu, na kwa mtu mzima anayeinuka usiku kwenda chooni kizunguzungu kama kile ni kuanguka na kuvunjika nyonga. Akampigia daktari wa mama palepale, wakakubaliana arudi kwenye telmisartan peke yake, na apimwe chumvi za damu wiki hiyo. Majibu yalitoka mazuri, namshukuru Mungu.

Kwaiyo hizo herufi za mwishoni zisome. H au neno Plus kwenye dawa za presha mara nyingi maana yake imeongezwa hiyo ya kutoa maji, AM mara nyingi imeongezwa amlodipine ambayo ni dawa nyingine ya presha. Na ukiona namba mbili zimetengwa kwa mkwaju, mfano 40/12.5, ujue ndani kuna dawa mbili. Ila herufi kila kiwanda kinajiwekea, usizitegemee peke yake, geuza boksi usome pale wanapoandika kila kidonge kina nini.

Yule dada akatutolea telmisartan ya kiwanda kingine, 40 mg tupu, imesajiliwa na TMDA. Bei ya boksi moja la zamani ilitosha kununua matatu ya hii. Kabla hatujalipa akaweka boksi la zamani na jipya pamoja kaunta, akamwambia mama, "Mama, hizi ni kitu kimoja, majina tu tofauti, ukianza hii ile usiiguse." Nikamuona mama anashangaa, kumbe yeye alishapanga amalizie na zile chache za zamani sambamba na mpya, yaani angekunywa dozi mara mbili kila siku! Hili linatokea sana kwa wazee wetu kwa sababu wao wanaijua dawa kwa rangi ya boksi na umbo la kidonge. Boksi la zamani liondoe kabisa ndani ya nyumba.

Kitu kingine alichonikataza ni kununua vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi yake vikawekwa kwenye kile kibahasha cha plastiki. Telmisartan inavuta unyevu, inatakiwa ikae kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuinywa. Na hata ingekuwa dawa nyingine, ukiwa na kibahasha huna jina, huna tarehe ya kuisha, huna namba ya toleo, utamuonyesha nini mfamasia?

Tulivyobadilisha alitaka mama apimwe presha asubuhi kabla ya dawa kwa wiki mbili, tuandike kwenye daftari. Akasema dawa ni ileile na kipimo ni kilekile kwaiyo namba zinatakiwa zikae palepale zilipokuwa wakati anakunywa Micardis bila kuruka, zikipanda siku kadhaa mfululizo turudi na boksi. Kwa mama zilikaa kati ya 128 na 136 ile ya juu, tukaendelea.

Nilimuuliza na kuhusu mjomba anayetumia dawa ya kifafa, maana nilishapata moto nataka kushusha bei za ukoo mzima. Akanizuia. Dawa za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na ya tezi levothyroxine, hizo tofauti ndogo tu kwenye damu inaweza kumrudishia mtu degedege au kumtoa damu, usihame kiwanda bila daktari wake kujua na kupanga vipimo. Na zenye maneno kama retard, LA, SR au XR zimetengenezwa zitoke polepole mwilini, usibadilishe na ya kawaida hata kama jina la dawa na miligramu vinafanana.

Siku hizi kabla ya kununua napiga picha upande wa nyuma wa boksi, pale penye jina la dawa na miligramu, nalinganisha na picha ya mwezi uliopita. Miezi miwili nyuma famasi iliishiwa ile ya kwetu wakanipa ya kiwanda kingine tena, nikamuuliza mfamasia maswali yaleyale: ni telmisartan peke yake? ni 40? imesajiliwa? Akageuza boksi akanionyesha, ndo nikalipa, alafu nikampigia mama kumwambia kidonge safari hii ni cheupe na kirefu asishtuke.