Mwanza ya Mume Wangu au Tabora Yangu?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa serikali hapa Kigoma kwa miaka 8, na mkononi napata shilingi 750,000. Mume wangu ni mhasibu wa kampuni, anapata 1,100,000. Ameitwa kazini Mwanza kwa 1,800,000, mkataba wa mwaka mmoja. Wiki hiyohiyo mwajiri wangu ametaka kunihamishia Tabora niwe msimamizi wa wodi, kwa 950,000. Kila mmoja anaona zamu ni yake. Tumfuate nani?*
*Mama Wawili, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Mumeo anaiona nyongeza ya laki saba, nawe unakiona cheo, lakini nyumba yenu inaishi kwa mishahara miwili. Leo mnapata jumla ya 1,850,000. Ukiacha kazi umfuate Mwanza, nyumba itabaki na 1,800,000, yaani pungufu ya elfu hamsini hata kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Mkienda Tabora naye akakaa bila kazi, mtabaki na 950,000, na hilo ni pigo kubwa zaidi. Ili msirudi nyuma, itabidi apate huko kazi ya angalau laki tisa.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Ninalokuomba ulipime kwa uzito ni hili: nani kati yenu akiachia kazi yake leo ataweza kuipata tena? Mhasibu anaweza kuomba kazi Mwanza, Tabora au Kigoma, lakini muuguzi aliyejiuzulu serikalini hurudi kwenye foleni ya Sekretarieti ya Ajira pamoja na vijana waliohitimu juzi. Tena una miezi 96 ya michango, wakati pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi 180. Nimewaona wanawake wa Ujiji waliofunga mizigo kwa mkataba wa mwaka mmoja wa mume, mkataba ukaisha usihuishwe, wakarudi nyumbani wote wawili hawana kazi.

Kwa hiyo usijiuzulu kwa ajili ya Mwanza. Njia iliyopo ni kuomba uhamisho, na hapo halmashauri yako lazima ikuachie na ya huko iwe na nafasi; kwa kuwa umeomba mwenyewe, gharama za kuhama ni zenu. Uhamisho wa Tabora, kwa kuwa unatoka kwa mwajiri, yeye ndiye anayepaswa kuzilipa.

Kwa maoni yangu Tabora inastahili kupewa nafasi ya kwanza, ila mumeo asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajapata kazi huko. Wewe tangulia, naye abaki Kigoma akitafuta, kwa kuwa treni inawaunganisha, na mwafikiane sasa ni nani atakaa na watoto. Najua itamuuma kuiachia Mwanza, basi usimwambie kwamba mshahara wake hauna maana. Kaeni usiku mmoja watoto wakishalala, mkataba wake ukiwa mezani, msome pamoja kifungu cha muda wa matazamio na cha notisi. Kama Mwanza wataandika miaka miwili au zaidi, nawe ukapata barua ya uhamisho wa huko mkononi, hesabu itageuka kuwa 2,550,000, na hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia umfuate.

Shangazi