LVL na R8 umeweka, gemu bado inachakachuliwa: nilivyohamisha leseni kutoka kwenye simu

Swali: "Wakuu, gemu yangu ya kulipia ina wiki mbili tu Play Store na tayari inagawiwa bure kwenye magrupu. LVL, ile maktaba ya Google ya kukagua leseni, niliweka kama maelekezo yanavyosema, R8 nimewasha. Wamepitaje, na nifanye nini?"

Mkuu, pole sana. Yalinikuta hayohayo kwenye gemu yangu ya bao, ya Android, niliyoiandika kwa Kotlin. Kabla hujabadilisha chochote, itafute hiyo nakala iliyochakachuliwa, ifungue kwenye kompyuta kwa `apktool d`, halafu uilinganishe na ya kwako. Usiisakinishe kwenye simu unayotumia, maana nakala za namna hii mara nyingi zinabeba vitu vingine ndani. Ukilinganisha utauona mlango waliopitia. Kwangu mimi, msimbo uliobadilishwa katika gemu nzima ulikuwa huu tu:

```
.method public allowAccess()Z
    .locals 1
    const/4 v0, 0x1
    return v0
.end method
```

Basi. Hiyo ni `allowAccess()` ya kwenye `ServerManagedPolicy`. Kazi yake ni kujibu ndiyo au hapana: mtu huyu amenunua? Wao wakaifanya ijibu ndiyo kila mara. Hawakugusa sahihi ya RSA wala hawakuvunja usimbaji wowote. Google Play haikuwa hata inaulizwa tena, maana `allowAccess()` ikisema ndiyo, LVL inamruhusu mtu papo hapo bila kwenda kwake.

Toleo hilo la kwanza sikuwa nimewasha R8. Nikawasha, nikatoa toleo jipya, na likachakachuliwa kwa njia ileile. Hapo ndipo nilipoelewa R8 inafanya nini hasa. Inabadilisha majina, kwa hiyo `allowAccess` inakuwa `a`, na inaondoa msimbo usiotumika. Maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu haiyafichi, na mantiki ya msimbo inabaki vilevile. LVL ni msimbo wa wazi uliotolewa na Google tangu 2010, kwa hiyo kila anayeutumia bila kuubadilisha anabeba alama zilezile: jina la huduma `com.android.vending.licensing.ILicensingService`, lile neno refu la Base64 linaloanza na `Y29tLmFuZHJvaWQ`, na namba 0x100, 0x231 na 0x123 ambazo ndizo majibu ya `Policy`. Programu za kuchakachua hazihitaji mtu wa kusoma. Zinatafuta alama hizo, zinabandika kiraka, zinasaini upya, na kazi inaisha kwa dakika chache. Jambo jingine linalowasaidia ni ujumbe wako mwenyewe. Kama una "Nakala hii haijanunuliwa" ndani ya `strings.xml`, anayesoma anafuata namba ya hilo neno hadi kwenye mstari unaolionyesha, na juu yake kidogo ndipo ukaguzi ulipo.

Kwa hiyo usihangaike kulificha zaidi swali la ndiyo au hapana. Liondoe kwenye simu kabisa. Fanya jibu la leseni liwe kitu ambacho gemu inakihitaji ili iendelee, kusudi mtu akiliruka abaki na gemu pungufu.

Nilivyofanya ni hivi. Gemu yangu ina hatua 60. Kumi za kwanza ziko wazi ndani ya gemu, hamsini zilizobaki ziko kwenye faili moja lililofungwa kwa AES. Ufunguo wake haumo ndani ya apk, uko kwenye seva yangu. Simu inapofika hatua ya sita hivi, kimyakimya inaomba namba ya nasibu kutoka kwenye seva, inaipeleka Google Play kama nonsi, na Google Play inarudisha vitu viwili: maelezo ya leseni na sahihi yake. Simu haivikagui. Inavituma vilevile kwenye seva, na seva ndiyo inayokagua:

```php
$ok = openssl_verify($data, base64_decode($sig),
                     $pubkey, OPENSSL_ALGO_SHA1) === 1;
```

Hiyo `$pubkey` ni ufunguo wa leseni unaoupata Play Console. Pale wanaupa kama Base64 tupu, kwa hiyo kwa PHP lazima uuzungushie mistari ya `-----BEGIN PUBLIC KEY-----` na `-----END PUBLIC KEY-----`, la sivyo utapata kosa na utadhani sahihi ndiyo mbovu. Sahihi ikikubali, unakata `$data` kwenye alama ya `|`. Sehemu zake kwa mpangilio ni namba ya jibu, nonsi, jina la pakiti, toleo, kitambulisho cha mtumiaji na muda. Namba ya jibu ikubali ikiwa 0, na pia ikiwa 2. Hiyo 2 maana yake mtu ana leseni ila kuna toleo jipya lililosainiwa kwa ufunguo mwingine, na wengi wanaisahau na kumfungia mlango aliyelipa.

Nonsi ndiyo pointi ambayo ningekuomba usiipuuze. LVL kama ilivyo inaitengeneza simuni, ndani ya `LicenseChecker`. Ukiiacha hapo, mtu mmoja aliyenunua anaweza kurekodi jibu lake halali na kuliweka ndani ya nakala ya kila mtu, na seva yako italikubali kwa sababu sahihi ni ya kweli. Nonsi ikitoka kwenye seva na kutumika mara moja tu, jibu la zamani halina kazi. Itabidi uingize maktaba ya LVL kama msimbo kwenye mradi wako na kuuhariri, jambo zuri, kwani unapata nafasi ya kuhamisha madarasa yake kwenye pakiti zako na kubadilisha zile namba. Ila faili la AIDL liache kwenye pakiti yake ya `com.android.vending.licensing`. Ukilihamisha, jina la huduma linabadilika na Google Play haitakuelewa.

Kitambulisho cha mtumiaji nacho kina kazi. Si barua pepe yake, ni namba iliyofichwa isiyokuambia mtu ni nani, lakini kwa gemu yako haibadiliki. Ukiona namba hiyohiyo inaomba ufunguo kutoka simu mpya kila baada ya muda mfupi, kuna akaunti inayogawiwa. Mtu wa kawaida ana simu yake, labda na tablet, basi.

Simu ikishapata ufunguo, ihifadhi ikiwa imefungwa kwa Android Keystore na usimuulize tena mtu huyo hadi toleo jipya. Hili nalisisitiza kwa sababu ya wachezaji wetu. Watu wananunua bando la siku, wanazima data, wanacheza kwenye daladala. Gemu inayodai intaneti kila ikifunguliwa inawaumiza waliolipa, wakati aliyechakachua haoni usumbufu wowote. Na kama mtu akifika hatua ya sita hana data, usimfukuze. Ana hatua nne mbele yake za kujaribu tena, na hata akifika ya kumi mwambie kwa upole awashe data mara moja tu.

Sasa niseme na mpaka wa njia hii. Mtu aliyenunua kihalali na mwenye simu iliyorutiwa anaweza kuuchomoa ufunguo, au kuchukua hatua zote 50 zikiwa zimeshafunguliwa, kisha akatoa nakala kamili. Hilo huwezi kulizuia, kwa sababu kitu kinachochezwa simuni lazima kifunguliwe simuni. Ila sasa anahitaji kukaa chini na kuisoma gemu yako mwenyewe, kwa mkono, na kila toleo lina ufunguo mwingine kwa hiyo anaanza upya. Hapo ndipo R8 inapokuwa na maana: inamrefushia kazi huyo mtu anayesoma. Mimi natoa hatua mpya kila baada ya wiki chache, na nakala za bure zinazozunguka kwa kawaida ni za toleo lililopita.

Nikueleze na kosa lililoniuma kuliko uchakachuaji wenyewe. Niliongeza ukaguzi wa cheti cha kusaini: gemu inasoma SHA-256 ya cheti chake na kulinganisha na ile ninayoijua, kwa kuwa aliyechakachua lazima asaini upya kwa ufunguo wake. Wazo ni zuri. Nikachukua alama ya cheti kutoka kwenye faili langu la funguo, nikajaribu simuni kwangu, ikakubali, nikatoa. Jioni ile maoni ya nyota moja yakaanza kumiminika: "nimelipa, inaniambia nakala si halali." Kila aliyelipa alifungiwa nje.

Sababu ni Play App Signing. Ufunguo nilionao mimi ni wa kupakia tu. Google wakipokea faili la aab wanatengeneza apk na kuzisaini kwa ufunguo mwingine walio nao wao, kwa hiyo apk inayofika kwa mteja ina cheti tofauti na ile ninayojaribu kutoka Android Studio. Alama sahihi iko Play Console, sehemu ya App signing, kwenye cheti cha ufunguo wa kusainia programu, si cha kupakia. Ukitaka uhakika, shusha apk yenyewe kutoka Play kisha uandike:

```
apksigner verify --print-certs bao.apk
```

Tangu siku ile sitoi ukaguzi wowote bila kuupitisha kwanza kwenye internal testing, nikiwa nimeisakinisha kutoka Play Store kama mteja. Kwa leseni pia kuna License testing ndani ya Play Console: unaweka akaunti yako na kuchagua ijibiwe `LICENSED` au `NOT_LICENSED`, ili uone kwa macho yako asiyenunua anakutana na nini.

Mambo mawili madogo. La kwanza, ukishawasha R8 tunza `mapping.txt` ya kila toleo, bila hiyo ripoti za gemu kuanguka zitakuja na majina ya `a.b.c` usiyoyaelewa. La pili, kama gemu yako ni ya Unity, R8 haigusi C# yako hata kidogo. Ukiijenga kwa Mono, `Assembly-CSharp.dll` inasomeka kama kitabu, kwa hiyo nenda IL2CPP. Hata hiyo inaacha majina ndani ya `global-metadata.dat`, na kuna zana za kuyatoa, lakini mantiki inakuwa kwenye `libil2cpp.so` na si kazi ya dakika tano.

Hukusema umeandika kwa lugha gani na kama una seva. Ukiniambia, nitakuwekea hapa ile sehemu ya nonsi niliyoihariri kwenye `LicenseChecker`, ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuipata.